Nilivyowaandikia Wakwe Wasije

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kuliko hata siku niliyooa. Nilikuwa nimekaa juu ya tairi bovu pale Katoro, kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, vumbi limenijaa mpaka kwenye kope. Simu ikalia mfukoni. Nikajifuta vidole kwenye suruali, nikafungua. Ulikuwa ujumbe wa baba mkwe, umeandikwa na shemeji yangu Shija, kwa maana mzee mwenyewe hakujua kusoma.

Ulisema hivi: "Habari za huko mkwilima wetu. Huku mvua zimetukimbia, mtama umekauka ukiwa mdogo. Mama yako magoti yanamsumbua. Tumeona tuje kwenu, tukae mpaka mvua za mwezi wa kumi na moja. Ng'ombe tunamwachia Shija. Wiki ijayo tunapanda basi."

Mkwilima ndiyo jina ambalo sisi Wasukuma tunamwita mume wa binti. Ni jina la heshima. Nililisoma mara mbili, na mara zote mbili nilisikia jasho jembamba mgongoni.

Kulikuwa bado mwezi wa sita. Hesabu mwenyewe, ni miezi mitano.

Sasa nikueleze nilikuwa nani, usije ukadhani nilikuwa mchoyo. Mchoyo sikuwa. Nilikuwa mwenye aibu, na aibu ikikosa ukweli huzaa mambo mabaya kuliko uchoyo. Mimi na mke wangu, Mama Minza, tulikuwa tunaishi chumba kimoja cha kupanga. Pazia ndilo lililotenga kitanda na jiko. Nyumba ilikuwa na wapangaji sita, choo kimoja, na bafu moja la magunia ambalo mtu mrefu akisimama anaonekana kichwa. Kwenye karasha mimi nilikuwa fundi tu. Mashine ilikuwa ya mtu.

Lakini kule kwao, kijiji kimoja upande wa Kolandoto, walikuwa wanajua mambo mengine. Walikuwa wanasema "karasha ya mkwilima," nami sikuwasahihisha. Nikienda kusalimia, naenda na shati jipya, sukari, na sabuni za kutosha mtaa mzima. Na mbaya zaidi, niliwahi kuwapelekea picha ya kusafisha, nimesimama mbele ya nyumba ya bosi wangu yenye vigae, mkono kiunoni. Baba mkwe aliitundika ukutani. Aliponiuliza kama ndiyo nyumba, nilicheka tu. Kicheko kile, mwanangu, kilikuwa uongo kamili, ingawa sikutamka neno.

Kwa hiyo nilipoupata ujumbe ule sikuwaza magoti ya mama mkwe, wala mtama uliokauka. Niliwaza uso wa mzee akishuka kwenye basi na kuongozwa mpaka kwenye pazia langu.

Wahenga wanasema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Wangejua simu, wangesema na dole gumba pia. Nilikaa palepale kwenye tairi, sikwenda nyumbani kumshirikisha mke wangu, sikumpigia mtu, nikaandika:

"Shikamoo baba. Ujumbe nimeupata. Kwa sasa nyumba imejaa, wapo wadogo zangu na mama yangu mdogo wamekuja kukaa. Hakuna nafasi. Naomba msije. Nawasalimu wote."

Nikatuma. Nikajiona nimemaliza jambo kwa adabu, maana nilianza na shikamoo.

Hakukuwa na wadogo zangu wala mama mdogo. Hao watu niliwaumba kwa dole gumba.

Kilichotokea upande wa pili nilikuja kukisikia baadaye. Siku ile baba mkwe alikuwa na wazee wenzake uani, wamekuja kwa shauri la malisho. Simu ilipolia, Shija akasema ni mkwilima anajibu. Mzee akafurahi, akasema, "Soma kwa sauti, na hawa wasikie." Shija akasoma. Alipofika kwenye "naomba msije," alitaka kuruka, lakini sauti ilikuwa imeshatangulia. Wazee wale walitazama chini. Mmoja akaaga, akisema ndama wake hajanywa maji.

Unaona kosa lilipokaa? Mkwilima kukosa nafasi si ajabu. Kila mtu anajua nyumba ina kuta. Lakini kumwambia mkwe kwamba nafasi ipo, ila wameijaza watu wa upande wako, hilo ni kumpima baba wa mkeo kwenye mizani mbele ya ndugu zako na kumwonyesha kwamba yeye ndiye mwepesi. Mimi nilidhani nimetafuta sababu laini. Kumbe nilichagua ile inayouma kuliko zote.

Na aliyebeba tusi hilo hakuwa mimi. Kwetu, wazazi wakikataliwa kwa binti yao, watu hawasemi mkwilima kakataa. Wanasema, "Binti kawasahau. Kashiba dhahabu." Jina la mke wangu kwa mama aliyemzaa ndilo lililokuwa linakatika, na yeye hana habari, anachambua mchicha.

Siku ya pili nikarudi kutoka kazini nikamkuta amekaa kitandani, ungo wa mchicha pembeni, simu iko mapajani.

"Baba Minza," akasema, "wadogo zako wako wapi?"

"Wadogo zangu gani?"

"Wale waliojaa humu ndani. Na mama mdogo. Niwapikie, au wameshakula?"

Akanipa simu nisome. Dada yake alikuwa amemwandikia maneno mawili tu: "Asante sana." Kwetu asante ya namna hiyo ni kofi.

Nikaanza kujieleza, chumba, pazia, bafu. Akaniacha mpaka nikaishiwa. Kisha akasema, "Chumba nakijua, nakifagia kila siku. Sikulaumu kwa chumba. Nakulaumu umenisemea kwetu bila kinywa changu." Halafu akaendelea na mchicha wake. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Baada ya siku tatu Shija akaja mwenyewe, hajaitwa. Alishuka kwenye basi la Geita, akauliza watu njia, akatokea mlangoni na mfuko wa karanga. Akasimama kizingitini akatazama kitanda, akatazama pazia, akatazama sufuria. Akainama akachungulia uvunguni.

"Unatafuta nini, shemeji?" nikamuuliza.

"Nawatafuta wadogo zako. Nimewaletea karanga."

Mke wangu akashindwa kujizuia, akacheka, ndicho kicheko cha kwanza tangu siku ile. Shija akakaa juu ya ndoo, akatikisa kichwa.

"Ndiyo nyumba hii?"

"Ndiyo hii."

"Na ile ya vigae?"

"Ya bosi."

Kisha akasema maneno ambayo yananichoma hadi leo. "Shemeji, wewe ni mjinga wa kusomea. Ungeandika 'baba, tunaishi chumba kimoja na pazia,' unadhani mama angekuja? Mama alale nyuma ya pazia la mkwilima wake? Apishane na wewe kwenye bafu hilo la magunia? Si bora akalale zizini! Mama mwenyewe ndiye angesema haiwezekani, na baba angekuhurumia. Angekutumia kuku."

Hapo nikaelewa. Wewe kijana wa siku hizi labda hukulelewa hivyo, kwa hiyo nikukumbushe: kwetu mkwilima na mama mkwe hawashikani mikono, hawali chungu kimoja, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani mmoja hupisha. Mila ile niliyokuwa naiona mzigo ndiyo ingenibebea neno la kukataa, safi, bila doa, na wao wenyewe wangelisema kabla yangu. Ila ingefanya kazi hiyo kama ningekubali kuonekana maskini. Sikukubali. Mficha uchi hazai, na mimi niliuficha wangu kwa nguo ya wakwe.

Shija akanipa shauri moja. "Usimpigie baba simu. Usiandike tena. Nenda kwa aliyekuposea."

Mshenga wetu alikuwa Mzee Ngassa, mtu mfupi, mkimya, anakaa si mbali na kwa wakwe. Nikaomba ruhusa kazini nikaenda. Alinikaribisha, akaniacha nile kwanza viazi, akasikiliza yote bila kunikatiza. Nilipomaliza akauliza, "Siku ya posa, wewe uliongea na baba wa binti?"

"Hapana, mzee. Wewe ndiye uliongea."

"Kwa nini?"

"Ili maneno yasigongane."

"Sasa jambo la kuomba mlinipa mimi, na jambo la kukataa, lililo zito zaidi, umelipeleka mwenyewe, kwa simu, kama mtu anayeagiza dagaa." Akatikisa kichwa. "Ng'wanawane, neno la hapana halitumwi peke yake. Linasindikizwa."

Ng'wanawane ni mwanangu. Alivyolitamka, nilijisikia nimevuliwa viatu.

Tukakaa jioni ile tukatengeneza ujumbe ambao ungepaswa kwenda tangu mwanzo. Kila nikisema sentensi yeye anaigeuza. Nikisema "hatuna nafasi," anasema, "Nafasi ni neno la mwenye basi. Sema unalala wapi." Nikisema "labda baadaye," anasema, "Labda ni mlango wa pazia, hata mbuzi anapita. Taja unachoweza." Akaniuliza kama Mama Minza anajua nilikuja. Nikasema anajua. "Na neno hili analikubali?" Nikasema ameniambia mambo mawili ya kuweka. "Basi hayo yasikosekane," akasema.

Mwisho wake ukawa hivi, nao ni wa kusemwa kwa mdomo, hatukuandika:

"Baba na mama, mkwilima wenu anawasalimu, na binti yenu anawasalimu. Wamefurahi kwamba katika shida mliwakumbuka wao kwanza. Mkwilima anaungama kwamba wageni aliowataja hawakuwapo. Alisema hivyo kwa aibu. Wanaishi chumba kimoja cha kupanga, na ile nyumba ya kwenye picha si yake. Mama hawezi kulala pale kwa heshima yake, na mkwilima hawezi kumlaza pale. Binti yenu hakujua lolote kuhusu ujumbe ule. Anaomba aje yeye, akae na mama mwezi mzima, amkande magoti. Mahindi ya Geita yatakuja pamoja naye, na mwezi unaofuata yatakuja mengine. Baba akipenda kuja kuwaona kwa siku chache, kuna jirani ameahidi chumba chake."

Ukiangalia, mwanangu, bado ilikuwa hapana. Miezi mitano haikupatikana. Ila mtu akiisikia anaona ameshikwa mkono, hakusukumwa.

Asubuhi Mzee Ngassa akaenda peke yake, mimi nikabaki kwake. Ndivyo inavyotakiwa, mwenye kosa akiwapo, mwenye hasira hawezi kusema hasira yake ikaisha. Alirudi adhuhuri, akasema, "Kesho twende." Tukaenda na gunia la mahindi na blanketi la mama. Baba mkwe alikuwa ameitoa ile picha ukutani. Hakuitaja. Alisema, "Mkwilima, umaskini tunaufahamu, tumeoana nao sisi kabla yako. Yamekwisha." Mama mkwe alikuwa ndani, akasema kupitia mlangoni, "Tumesikia, baba. Mungu awape nyumba." Sauti yake ilikuwa nzuri, na mimi nikaondoka mwepesi.

Njiani Mzee Ngassa akasimama. "Limebaki moja. Uliwazuia wewe, utawaita wewe. Siku ukipata chumba cha kumlaza yule mama, usingoje aje, na usimwachie mkeo aite. Mkeo akiita, wataona anaiba ruhusa. Nitume mimi, na kama nimekufa, tuma mwingine. Umesikia?"

Nikasema, "Nimesikia, mzee." Nilisikia kweli. Kusikia ni kwa bure.

Mama Minza akaenda kwao mwezi ule, akarudi amenenepa kidogo, na jina lake limerudi mahali pake. Miaka ikapita. Mungu akatujalia kiwanja, tukafyatua tofali wenyewe, tukajenga vyumba vinne. Na uani mke wangu akasisitiza kijengwe kimoja cha pekee, mlango wake, bafu lake la tofali, choo chake. Hakusema ni cha nani. Akanunua kitanda akakitandika.

Mwaka wa kwanza akaniambia, "Baba Minza, chumba kimekauka." Nikasema, "Kweli kimekauka." Mwaka wa pili akasema mama yake amemuulizia Minza, binti yetu. Nikamjibu, "Si waje tu? Mlango uko wazi, nani amewazuia?" Akanitazama. Mzee Ngassa alikuwa ameshafariki, na mimi niliona kutafuta mtu mwingine wa kutumwa ni mambo ya kizamani, wakati kila mtu ana simu. Mwaka uliofuata hakuuliza. Chumbani nikaanza kuweka vipuri na magunia, kitanda kikawa chini yake. Aliona, akafunga mlango taratibu. Mke wangu hakuwa mtu wa kurudia neno mara tatu. Baba mkwe naye akafa kwa uzee, hajawahi kukanyaga kwangu.

Mwaka huu, mwanangu, Mama Minza ameniacha. Presha, siku mbili tu. Sitalisema sana.

Mama mkwe aliletwa na Shija kwa gari la kukodi, ameshikwa kwapa huku na huku. Wanawake waliondoa vipuri vyangu kwa haraka ili apate pa kulala. Ndivyo mama yule alivyolala nyumbani kwangu kwa mara ya kwanza: kwenye matanga ya binti yake.

Siku ya nne alikuwa amekaa kwenye mkeka, uso ameuelekeza ukutani kama mila inavyotaka, nami nimekaa mbali kidogo, nimempa mgongo. Akasema, "Hiki chumba kizuri. Marehemu alinieleza kilivyo, hata dirisha lilipo."

Nikasema, "Mama, mlango ulikuwa wazi siku zote."

"Wazi nilijua. Nilikuwa nangoja kuitwa, baba. Marehemu alisema, 'Atatuma mtu, mama, subiri kidogo.' Kila mwaka alisema hivyo."

Nilitoka nikaenda kusimama nyuma ya nyumba, kwa kuwa mzee hapendi kuonekana akilia. Miaka yote ile mke wangu alikuwa ananikinga kwao kwa ahadi ambayo sikuwa nimempa.

Alikaa wiki mbili. Nilimwomba abaki, nilimtuma Shija aseme kwa niaba yangu, kwa maneno yote yanayostahili. Alishukuru. Akasema kitanda ni chema, lakini aliyekuwa anakuja kumwona hayupo. Akarudi kwake.

Basi wewe uliyeoa juzi, ambaye umepata ujumbe wa wakwe wanaotaka kuja kukaa, nawe unatafuta maneno, nisikilize. Usijibu siku hiyo hiyo. Jibu la haraka linatoka kwenye aibu. Kaa na mwenzio kwanza, kwa maana wazazi ni wake, na neno lolote utakalosema litaandikwa kwenye jina lake. Sema sababu ya kweli hata ikikuvua nguo, kwani mkwe anaweza kuishi na mkwilima maskini, hawezi kuishi na anayempima kwenye mizani. Ndugu zako usiwaweke katika sababu zako kamwe. Tuma mtu, usitume simu. Na kama umbali unakulazimisha simu, basi ipigwe, isikike sauti, na akuzungumzie mtu wanayemheshimu. Kila hapana iende na jambo ambalo unaliweza: siku chache badala ya miezi, binti aende kwao, mahindi yatangulie.

Na lile nililolipuuza mimi, ulishike kuliko yote. Ukishakataa, hata kwa adabu, hata ukisamehewa, kuita kunabaki juu yako. Mgeni aliyeambiwa asije hawezi kuja mwenyewe, heshima yake haimruhusu. Siku chumba kikikauka, tuma mtu siku hiyo. Usingoje mkeo akukumbushe mara ya pili.

Mungu akupe nyumba yenye kuta nene na moyo usiojificha. Akujalie wakwe wanaokusema vizuri ukiwa hupo, na mke atakayemwona mama yake akiamka chini ya paa lenu, wakati wote wawili wangali hai. Nenda salama, mwanangu.